Jumamosi na Daftari la Getini: Namna Nilivyoomba Saa Mpya za Kazi kwa Majaribio

Meneja anayekataa ombi la kubadilishiwa saa za kazi mara nyingi hakatai zile saa zenyewe. Anachokataa ni uamuzi ambao akishautoa hataweza kuurudisha bila ugomvi, na pia anaiona kwa mbali foleni ya watu watakaofika mezani kwake wiki inayofuata, kila mmoja akisema, "Mbona fulani amekubaliwa?" Kwa hiyo anayeingia ofisini na kusema kwamba kuanzia sasa anaomba asiwe anafika siku fulani, anamlazimisha bosi achague kati ya kukubali moja kwa moja na kukataa moja kwa moja, na mtu mwenye dhamana ya idara nzima atakataa, hata kama moyoni haoni ubaya wa ombi hilo. Ombi la majaribio hubadilisha swali analoulizwa. Haulizwi tena kama anakubali ratiba mpya, bali kama anakubali kuitazama kwa majuma kadhaa, kwa vipimo anavyoviamini, huku akiwa na haki ya kuisimamisha. Nitaeleza jinsi jambo hilo lilivyofanyika katika ofisi yetu, kwa sababu ugumu wake wote umo katika mambo madogomadogo.

Ninafanya kazi katika idara ya hesabu ya kampuni ya usambazaji wa bidhaa za dukani, yenye ghala kando ya Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam. Kazi yangu kubwa ni hesabu za wateja: nani amelipa, nani anadaiwa, na mzigo wa nani uruhusiwe kutoka ghalani. Saa zetu zilikuwa saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, pamoja na saa moja ya chakula cha mchana, na Jumamosi tulikuwa tukiingia saa 2 asubuhi na kutoka saa 7 mchana. Mimi nilihitaji Jumamosi nzima kwa ajili ya madarasa ya kujiandaa na mitihani ya uhasibu ya NBAA. Sababu hiyo niliitaja kwa meneja katika sentensi moja tu na sikuirudia. Watu wengi hutumia nusu ya barua kueleza shida zao za nyumbani, na matokeo yake mazungumzo hugeuka kuwa ya huruma, ambapo bosi anaweza kukuonea huruma kwa dhati na bado akakukatalia. Nilitaka tuzungumzie kazi.

Jambo la kwanza nililolifanya kabla ya kumwona mtu yeyote lilikuwa kupiga hesabu ya saa kwa mujibu wa sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa za kawaida kuwa 45 kwa wiki, saa 9 kwa siku, na siku 6 kwa wiki. Ratiba yetu ilikuwa na saa 8 za kazi kwa siku tano, yaani 40, na saa 5 za Jumamosi, hivyo ilikuwa imegota kwenye ukomo wa 45. Saa hizo tano za Jumamosi ukizigawa kwa siku tano unapata saa moja kila siku. Saa 8 zinakuwa 9, na 9 mara 5 ni 45 zilezile. Hakuna saa inayopotea kwa mwajiri, na hakuna saa ya ziada inayozaliwa, kwa kuwa siku ya saa 9 bado imo ndani ya saa za kawaida. Hoja hii ina uzito kuliko inavyoonekana, kwa sababu kitu cha kwanza ambacho afisa utumishi atakiuliza ni kama ratiba hiyo itazaa madai ya saa za ziada, ambazo kwa sheria hulipwa mara moja na nusu ya malipo ya kawaida. Mtu anayetaka siku ndefu zaidi ya hizo, kwa mfano siku nne za saa 11, anaingia katika kifungu kingine kinachoruhusu hadi saa 12 kwa siku pamoja na muda wa chakula, lakini kwa makubaliano ya maandishi na kwa masharti yake. Ningemshauri mtu aanze na ombi linalotosha ndani ya saa 9, kwa kuwa linapunguza idadi ya watu wanaopaswa kulitia sahihi.

Uingereza mfanyakazi ana haki ya kisheria ya kuwasilisha ombi la namna hii, na tangu Aprili 2024 anaweza kuliwasilisha tangu siku yake ya kwanza kazini, naye mwajiri anatakiwa kulitolea uamuzi ndani ya miezi miwili. Sisi hatuna utaratibu kama huo, kwa hiyo ombi letu linasimama kwa nguvu ya hoja zake na uhusiano wa watu wawili.

Hesabu ya saa ilinionyesha pia jambo ambalo sikulitarajia. Nilipanga kuingia saa 1 asubuhi na kutoka saa 11 jioni, na chakula cha mchana kibaki saa 7 kama kwa watu wote. Lakini sheria inataka mfanyakazi anayefanya kazi mfululizo kwa zaidi ya saa tano apewe mapumziko ya angalau dakika 60. Kutoka saa 1 asubuhi hadi saa 7 mchana ni saa sita. Ilibidi chakula changu kisogezwe kiwe saa 6. Mwanzoni niliona ni usumbufu, kisha nikagundua kwamba ndiyo hoja nzuri kuliko zote nilizokuwa nazo, kwa sababu saa 7 mchana ilikuwa saa ambayo dirisha letu la hesabu lilibaki tupu. Keshia alikuwa akila, mimi nikila, na wateja wa Kariakoo waliokuja na hati za benki walisimama pale wakisubiri. Kwa ratiba mpya ningekuwa nimesharudi mezani wakati wenzangu wanatoka. Nikaona kwamba ombi langu lina faida kwa idara ambayo sikuhitaji kuitia chumvi.

Bado sikuandika barua. Nilikwenda kwanza kumwona meneja nikiwa na swali. Yeye ni mtu mzima, mhasibu wa siku nyingi, na sote humwita Mzee.

"Shikamoo, Mzee. Nina wazo kuhusu ratiba yangu, lakini kabla sijaliandika naomba nikuulize. Kama mimi nisingekuwepo hapa Jumamosi, ni kitu gani kingekwama?"

"Marahaba. Jumamosi?" Alifikiri kidogo. "Magari. Gari la mkoani likipakiwa Jumamosi na malipo hayajathibitishwa, halitoki. Dereva anakaa getini, mteja ananipigia mimi. Mengine yote yanaweza kungoja Jumatatu."

Jibu hilo ndilo lililojenga kila kilichofuata. Ningeulizwa mimi, ningesema kwamba hofu yake ni mwisho wa mwezi, au barua pepe za wateja, au nidhamu ya idara, na ningetengeneza vipimo vya mambo hayo. Yeye alikuwa anaogopa kitu kimoja kinachoonekana kwa macho: lori limesimama na simu inaita. Kipimo chenye thamani katika mazungumzo haya ni kile kinachopima hofu ya anayetoa uamuzi. Mwombaji hupenda kupima anachokifanya vizuri, na ripoti ya namna hiyo husomwa kwa adabu kisha ikawekwa kando.

Swali lililofuata lilikuwa namba zitatoka wapi. Mwombaji akijirekodi mwenyewe, hata awe mwaminifu kiasi gani, namba zake zina harufu ya upendeleo. Kwa bahati nzuri getini kwetu kuna daftari kubwa la jalada gumu, ambalo mlinzi huandika namba ya gari, jina la dereva, saa ya kumaliza kupakia na saa ya kutoka. Limekuwepo miaka mingi kwa ajili ya wizi, na hakuna mtu wa hesabu aliyewahi kulifungua. Niliomba ruhusa nikalisoma kwa Jumamosi za miezi miwili iliyopita. Nilitafuta magari yaliyokaa zaidi ya nusu saa kati ya kumaliza kupakia na kutoka. Nilikuta kwamba hata nilipokuwepo mimi mwenyewe, kila Jumamosi wastani wa magari mawili yalisimama kupita nusu saa. Bila namba hiyo ya mwanzo, gari la kwanza kusimama wakati wa majaribio lingeonekana kuwa limesimama kwa sababu yangu, na ningekosa la kusema. Namba za hali ya awali lazima zikusanywe kabla ya ombi kupelekwa, kwa sababu baada ya hapo kila mtu anajua kinachotafutwa na daftari lenyewe linaanza kuandikwa kwa uangalifu ambao haukuwepo.

Nilichagua vipimo vitatu na nikakataa kuongeza cha nne. Cha kwanza kilikuwa hicho cha magari ya Jumamosi. Cha pili kilikuwa siku ambayo kazi ya kulinganisha vitabu vyetu na taarifa ya benki inakamilika kila mwezi, kwa sababu ndiyo kazi inayochelewesha taarifa ya mwezi kwa mkurugenzi. Tulikuwa tukiimaliza siku ya kazi ya nane, na mimi nikaahidi kwamba haitapita hapo. Cha tatu kilikuwa saa za ziada za idara nzima, zisiongezeke. Hiki cha tatu nilikiweka kwa makusudi, kwa kuwa mabadiliko ya saa za mtu mmoja huweza kuonekana yamefaulu huku mzigo umehamia kimyakimya kwa jirani yake. Kipimo kinachoweza kukuumbua humfanya msomaji aviamini na vile vinavyokupendeza.

Mtu mmoja ofisini alinishauri nitumie kiasi cha madeni yanayokusanywa, kwa kuwa ndiyo namba ambayo mkurugenzi anaipenda. Nilikataa. Makusanyo yetu hupanda na kushuka kwa sababu ya msimu, bei, na biashara ya wateja wenyewe. Kama yangepanda ningejisifu kwa kazi isiyo yangu, na kama yangeshuka ningebeba lawama ya mvua. Kipimo kinafaa ikiwa kinasogea pale tu kitu unachokibadilisha kinaposogea, au angalau kwa sehemu kubwa.

Kampuni kubwa ina njia bora zaidi. Kampuni ya usafiri ya Ctrip ya Shanghai ilipotaka kujua kama wahudumu wake wa simu wanaweza kufanyia kazi nyumbani, jaribio lililoanza mwaka 2010 na kuendelea miezi tisa, iliwagawa waliojitolea kwa tarehe za kuzaliwa, wa namba shufwa wakafanyia kazi nyumbani na wa namba witiri wakabaki ofisini. Ufanisi wa kundi la nyumbani ulipanda kwa asilimia 13, na kwa kuwa walikuwa na kundi la kulinganisha, waliweza kusema kwamba sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilitokana na watu kufanya kazi dakika nyingi zaidi ndani ya zamu, na sehemu ndogo ilitokana na kasi. Lile lilikuwa suala la mahali pa kazi na si la saa, lakini njia ni ileile. Mimi nilikuwa mtu mmoja, sikuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo kilichobaki ni kulinganisha miezi na miezi iliyotangulia na kukubali kwamba ushahidi wangu ni dhaifu kiasi hicho.

Muda wa majaribio niliupanga uwe Septemba na Oktoba. Majuma mawili yangekuwa mafupi mno, kwa sababu kazi ya hesabu huonyesha makovu yake mwisho wa mwezi, na jaribio lisilopita katika mwisho wa mwezi halijajaribu kitu. Miezi sita nayo ingekuwa mirefu, kwa kuwa hakuna bosi anayeona miezi sita kuwa ni majaribio. Miezi miwili ilitupa mwisho wa mwezi mara mbili, ili kama wa kwanza ungeharibika kwa jambo la bahati mbaya, wa pili uoneshe ukweli. Niliepuka Desemba, kwa pilikapilika zake, na niliepuka Ramadhani, kwa kuwa saa za biashara hubadilika na namba zisingelingana na za miezi mingine.

Kifungu cha kusimamisha ndicho nilichokiandika kwa uangalifu kuliko vyote. Kilisema kwamba ikiwa magari yatakayosimama kwa zaidi ya nusu saa yatazidi mawili katika Jumamosi mbili zinazofuatana, majaribio yatakoma Jumatatu inayofuata na mimi nitarudi kwenye ratiba ya zamani, bila kikao cha kujadili sababu. Rafiki yangu wa idara ya mauzo aliposoma rasimu alisema nimejifunga kamba mwenyewe. Kwa maoni yangu bila sentensi hiyo barua ingerudi na mstari mwekundu. Meneja anayejua kwamba kusimamisha kutamgharimu kikao, machozi na maelezo kwa mkurugenzi, hatakubali hata kuanza. Niliongeza kwamba siku ya mwisho ya Oktoba majaribio yanakoma yenyewe, na ili ratiba iendelee lazima atoe uamuzi mpya. Hilo lilimwondolea hofu ya jambo la muda kugeuka la kudumu kwa mazoea.

Mtu aliyekuwa na haki ya kulalamika kuliko wote alikuwa keshia. Ili magari yatoke Jumamosi bila mimi, yeye ndiye angeangalia akaunti ya benki kwenye kompyuta, alinganishe na ankara, kisha agonge muhuri kwenye hati ya kutolea mzigo. Nilizungumza naye kabla ya kumpelekea meneja barua, kwa sababu ombi linalomtaja mtu ambaye hajaulizwa ni sawa na kumpangia kazi bila mamlaka. Alikuwa na sharti.

"Sawa, dada, Jumamosi nitakushikia. Lakini Jumatano mimi nampeleka mtoto kliniki, na kila mara naomba ruhusa kama vile naomba mkopo. Wewe unikalie dirishani Jumatano asubuhi mpaka saa 5, na iandikwe."

Iliandikwa. Masharti yake yaliingia katika barua yangu kama sehemu ya mpango, na hapo ombi likaacha kuwa la mtu mmoja. Tulifanya mazoezi Jumamosi kadhaa kabla ya Septemba, yeye akithibitisha malipo na mimi nikiwa nimekaa pembeni, mpaka akazoea makosa ya kawaida, hasa lile la mteja anayelipa kwa jina la duka ambalo halifanani na jina lililo kwenye ankara.

Yalibaki mambo ya ofisini yasiyo na heshima kubwa lakini yanayoua mipango. Nani angefungua chumba cha hesabu saa 1 asubuhi? Tulikubaliana kwamba funguo zitakaa kwa mlinzi kwenye bahasha inayosainiwa. Je, mtu mmoja akae peke yake na kasiki kwa saa nzima? Mkaguzi yeyote angeuliza hilo, kwa hiyo barua ilisema kasiki haitafunguliwa kabla ya saa 2, na saa hiyo ya kwanza ingekuwa ya kulinganisha taarifa za benki tu.

Kisha kulikuwa na sikukuu. Kwa ratiba mpya siku yangu ina saa 9, kwa hiyo sikukuu ikiangukia siku ya kazi mimi napumzika saa 9 na wenzangu wanapumzika 8. Na sikukuu ikiangukia Jumamosi, wenzangu wanapata saa 5 za mapumziko na mimi sipati kitu, kwa kuwa saa zangu za Jumamosi nimeshazifanya ndani ya wiki. Mtu anaweza kudhani haya ni mambo ya kupasua unywele, lakini ndiyo yanayoleta minong'ono. Tuliandika kwamba sikukuu itahesabiwa kuwa siku moja, iwe ndefu au fupi, na hakuna upande utakaodai tofauti. Katika muda wa majaribio Siku ya Nyerere, tarehe 14 Oktoba, ilitukuta tayari tumeshakubaliana.

Barua yenyewe ilikuwa ukurasa mmoja. Ilianza na ratiba inayopendekezwa, ikafuata hofu ya Jumamosi kwa maneno yake mwenyewe meneja, namba za daftari la getini, vipimo vitatu, kifungu cha kusimamisha, na tarehe ya mwisho. Alikaa nayo siku chache, akaongeza jambo moja kwa kalamu: kwamba ripoti fupi imfikie kila Jumatatu kabla ya saa 4 asubuhi, mistari isiyozidi mitano. Nilifurahi kuliko ambavyo ningefurahia sahihi tupu, kwa sababu mtu aliyeongeza sharti lake ameshaingia ndani ya mpango.

Mtihani ulikuja mapema. Jumamosi ya pili ya Septemba daftari lilionyesha magari manne yaliyopita nusu saa. Keshia aliniambia kwamba malipo ya magari matatu kati ya hayo yalikuwa yamethibitishwa mapema, na kwamba yalichelewa kwa sababu dereva wa foko aliondoka na sehemu ya mzigo ilibaki chini. Daftari lakini halikuwa na safu ya sababu. Lilisema tu saa ya kumaliza kupakia na saa ya kutoka. Nilimweleza meneja nilichoambiwa, nikapendekeza kwamba kuanzia wiki ile mlinzi aongeze safu ya sababu, na magari manne yabaki yamehesabiwa kama yalivyo.

"Yote manne?" aliuliza.

"Yote manne, Mzee. Kipimo tulikiandika hivyo."

Tafsiri ya namba ikibadilishwa baada ya namba kutoka, hata kwa sababu ya haki, majaribio yanakuwa yamekwisha, kwa kuwa kila upande umejifunza kwamba vipimo vinaweza kujadiliwa. Kurekebisha kipimo kwa siku zinazokuja, kwa sahihi za wote wawili, ni jambo jingine na linakubalika. Hata hivyo sitasema kwamba nililala usingizi mzuri wiki ile, maana Jumamosi nyingine moja tu ya namna hiyo ingetosha kuyafunga majaribio. Iliyofuata lilisimama gari moja. Safu ya sababu, kuanzia hapo hadi mwisho, ilionyesha kwamba sehemu kubwa ya ucheleweshaji wa Jumamosi ilikuwa ya ghala na si ya hesabu, jambo ambalo meneja wetu alilitumia katika mazungumzo yake na meneja wa ghala, yasiyonihusu mimi.

Kazi ya kulinganisha benki ilikamilika siku ya kazi ya sita kwa hesabu za Septemba, na siku ya tano kwa hesabu za Oktoba. Sababu kuu ilikuwa ile saa ya kwanza ya asubuhi, wakati simu hazijaanza na mtandao wa benki hauna msongamano. Lakini katika ripoti ya mwisho niliandika pia kwamba mwezi wa Oktoba benki yetu moja ilianza kutuma taarifa zake mapema zaidi, kwa hiyo sehemu ya nafuu ile haikutokana na ratiba. Saa za ziada za idara hazikuongezeka. Meneja angelijua suala la benki mwenyewe kwa wakati wake, na ningependelea alisome kutoka kwangu.

Uamuzi haukuwa ule nilioomba. Alikubali ratiba iendelee, isipokuwa wiki yenye Jumamosi ya mwisho ya mwezi, ambayo alitaka niwepo, kwa sababu wateja wakubwa hufunga hesabu zao siku hizo na keshia peke yake angezidiwa. Nilikubali, kisha tukarudi kwenye hesabu: wiki ya saa 9 kwa siku tano ukiongeza Jumamosi ya saa 5 ni saa 50, yaani saa 5 za ziada zinazopaswa kulipwa. Yeye hakutaka kulipa na mimi sikutaka kumlipisha. Tukaamua kwamba wiki hiyo nirudi kwenye saa 8 kwa siku, niingie saa 2 kama wengine, na jumla ibaki 45. Darasa langu nalikosa mara moja kwa mwezi, na nakopa daftari la mwenzangu.

Kilichobaki kilikuwa karatasi. Saa za kazi ni miongoni mwa mambo ambayo sheria inataka yawe kwenye maelezo ya ajira ya kila mfanyakazi, na yakibadilika mwajiri anatakiwa, kwa kushauriana na mfanyakazi, kuyarekebisha na kumjulisha kwa maandishi. Afisa utumishi alikuwa tayari kuacha jambo hilo likae katika barua pepe ya meneja, na wengi huishia hapo. Niliomba barua rasmi ya marekebisho, yenye ratiba zote mbili, mpango wa keshia wa Jumatano, chakula cha saa 6, utaratibu wa sikukuu, na tarehe ya kuupitia upya mpango baada ya mwaka mmoja. Mameneja huhamishwa, na anayekuja hukuta mtu asiyeonekana Jumamosi bila kujua kilichokubaliwa wala kilichopimwa. Barua hiyo imo kwenye faili langu pamoja na nakala za kurasa za daftari la getini, na keshia anayo nakala yake.